Muwasho na uchafu mweupe kama mashanza: boksi ya nne ya ovile ao niende labo?

Nabintu_wa_Kadutu
Jumapili, saa 3 usiku

Wamama na dada zangu, munisamehe kuleta jambo la ndani hapa, lakini nyumbani naishi na mama mkwe na siwezi kulitamka mbele yake. Niko na miaka 31, watoto wawili, nauza vikwembe sokoni Kadutu.

Mwezi wa 2 nilianza kusikia moto nikikojoa. Nikaenda kwenye kituo kimoja karibu na nyumbani, wakanipa kachupa ka mkojo, karatasi ikarudi imeandikwa infeksyo. Wakanipa siprofloksasini, asubuhi na jioni, siku 7. Nilipoimaliza, wiki haikupita, muwasho ukaanza. Uchafu mweupe, mzito, unashikana vipande vipande kama mashanza, hauna harufu. Farmasi wakaniuzia ovile, nikaweka usiku 6, nikapona.

Mwezi wa 4 moto ukarudi. Kachupa tena, infeksyo tena, siprofloksasini tena, kisha muwasho na ovile tena. Sasa tuko mwezi wa 6 na nimemaliza boksi ya tatu wiki mbili zilizopita. Ulipungua siku nne tu. Sokoni siwezi kukaa kwenye kiti nusu saa bila kusimama.

Jirani amenipa pomadi ya tyubu. Nikiipaka natulia siku mbili, halafu inawaka kuliko mbele. Nanawa na maji moto, sabuni na chumvi kidogo asubuhi na jioni, mpaka ndani. Ninunue boksi ya nne ao niende labo? Na kama ni labo, niombe nini? Kwa sababu kachupa ka mkojo nimeshatoa mara mbili.

---

Dawa_Nyawera
Jumapili, saa 3 na dakika 40 usiku

Mama, hapo hakuna swali. Nyeupe, nzito, inawasha, haina harufu: ni shampinyo. Mimi nauza dawa miaka 9, nasikia hiyo maelezo kila siku. Inarudi kwa sababu bwana hajatibiwa, wewe unapona yeye anakurudishia. Chukua ovile zile za mchanganyiko, zinaua shampinyo, bakteria na vidudu vyote kwa pamoja, na bwana ameze kidonge kimoja cha flukonazoli. Labo ni kupoteza pesa.

---

Mama_Mapacha
Jumapili, saa 4 usiku

Pole sana dada. Mimi pia hii kitu iko nayo sasa, na niko na mimba ya miezi 5. Basi niende kuchukua hicho kidonge cha flukonazoli?

---

Yaya_wa_Labo
Jumatatu, saa 12 na nusu asubuhi

Mama Mapacha, wewe kwanza: usikimeze. Ukiwa na mimba tunaepuka flukonazoli ya kumeza, tunatumia ile ya kuweka ukeni, klotrimazoli ya miligramu 100, kila usiku kwa siku 7. Siku 7 kamili, kwa sababu mwenye mimba haponi haraka kwa dozi fupi. Waambie kwenye kliniki yako ya wajawazito wakuone. Na ukiona maji mepesi yanamwagika, damu, au tumbo linakaza, usingoje tarehe ya kliniki.

Nabintu, mimi niko labo, hapa Bukavu, mwaka wa 14 huu. Kabla sijakujibu, nijibu haya matatu. La kwanza: ule moto wa kukojoa ulikuwa unauma wapi? Ndani kwenye njia ya mkojo na chini ya kitovu, mkojo ukiwa bado unatoka, au nje, pale mkojo unapogusa ngozi? La pili: ile tyubu ya jirani imeandikwa nini? La tatu: siku wanachukua kile kipimo, kuna mtu hata mmoja aliyekuangalia ukeni, au ni kachupa tu?

---

Nabintu_wa_Kadutu
Jumatatu, saa 7 mchana

Asante yaya. Mara ya kwanza, mwezi wa 2, ilikuwa ndani na tumbo chini liliuma, nilikuwa nakwenda chooni kila saa. Mara ya pili, sasa unaponiuliza ndipo naona: ilikuwa nje. Mkojo ukigusa pale palipokwaruzika, ndipo nasikia kama pilipili.

Tyubu imeandikwa betametazoni, klotrimazoli na jentamisini.

Hakuna aliyeniangalia. Kachupa tu, na mara ya pili waliona "levure" kwenye mkojo, ndiyo wakaandika infeksyo.

---

Yaya_wa_Labo
Jumatatu, saa 2 usiku

Sasa tunaelewana. Nitaandika kirefu kidogo, munivumilie.

Mwezi wa 2 inawezekana kabisa ulikuwa na maambukizi ya mkojo ya kweli. Lakini ile siprofloksasini haikuchagua. Ukeni kuna bakteria wazuri wanaotengeneza asidi, na fangasi wachache wanakaa humo bila kusumbua. Mwanamke mzima kabisa anaweza kuwa nao na asijue. Antibiotiki inapowapunguza wale wazuri, fangasi anapata nafasi. Muwasho wako ulikuja wiki moja baada ya dawa, hiyo ni saa yake hasa.

Mwezi wa 4 ndipo njia ilipopotea. Moto ulikuwa nje, kwenye ngozi iliyokwaruzika kwa fangasi. Ukatoa mkojo, na mkojo unapotoka unapita juu ya huo uchafu mweupe na kuubeba kwenye kachupa. Labo ikaona levure. Levure ile haikutoka kwenye kibofu, imeokotwa mlangoni. Na levure ni huyo huyo fangasi, kwa hiyo antibiotiki ilikuwa inamlisha. Kosa hili ninaliona karibu kila wiki, na linaniuma, kwa sababu mama analipa mara mbili: analipa kipimo kisichoangalia mahali panapouma, kisha analipa dawa inayozidisha ugonjwa.

Kwa hiyo unachotakiwa kuomba kinaitwa prelevema ya ukeni. Anayekupima anachukua kijiti chenye pamba, anagusa ute kwenye ukuta wa uke, anagusisha karatasi ya pH inayopima asidi, halafu anapaka kwenye vioo viwili. Kimoja anatia tone la maji ya chumvi, kingine tone la potasi asilimia 10, inayeyusha chembe za ngozi ili nyuzi za fangasi zibaki peke yake. Hapo tunaona vitu vitatu ambavyo macho hayawezi kuvitenganisha vizuri. Fangasi: nyuzi na vichipukizi, pH inabaki 4 mpaka 4.5. Bakteria waliovurugika, ule ugonjwa wa harufu ya samaki: ute mwepesi wa kijivu, hauwashi sana, pH inapita 4.5, na chembe za ngozi zimefunikwa na bakteria mpaka kingo hazionekani. Na trikomonasi, kidudu chenye mikia, kinachezacheza kwenye kioo, pH nayo inapanda.

Kaka wa farmasi, umesema kweli kwamba dalili zake zinafanana na fangasi. Mara ya kwanza, dalili zikiwa wazi namna hiyo, hakuna mimba, hakuna homa wala maumivu ya tumbo chini, hata mimi sioni ubaya kumpa dawa ya fangasi bila labo. Lakini mwaka 2002 Marekani waliwapima wanawake 95 waliokuwa wamejinunulia dawa ya fangasi wenyewe, wakiwa na hakika na ugonjwa wao. Kama theluthi moja tu ndio walikuwa na fangasi peke yake. Wengine walikuwa na ule wa bakteria, wengine mchanganyiko, wengine hawakuwa na kitu. Na ovile za mchanganyiko zikikutuliza, hujui ni kipi kilichokutuliza, zikishindwa, hujui ni kipi kilichoshindwa. Bwana naye, kwa fangasi hatibiwi kama hana dalili. Akiwa na muwasho au wekundu kwenye kichwa cha uume, hapo ndiyo.

Nabintu, kabla ya kwenda: usiweke ovile wiki nzima, usipake pomadi, usilale na bwana siku mbili, asubuhi hiyo usinawe ndani, na usiwe kwenye siku zako. Damu, mbegu za mwanaume na maji vyote vinapandisha pH, na ovile inaficha fangasi.

---

Dawa_Nyawera
Jumatatu, saa 3 usiku

Nimekuelewa yaya, lakini farmasi mtu anakuja na franka elfu tano mkononi, analia kwa muwasho. Nimwambie arudi nyumbani angoje wiki?

---

Muuguzi_Walungu
Jumatatu, saa 3 na nusu usiku

Namtetea kaka hapo. Mimi ni muuguzi, kwetu kijijini mikroskopi haipo. Mama anakuja na muwasho na uchafu wa kushikana, namuangalia, nampa klotrimazoli ya ukeni. Kama kuna harufu au rangi ya kijani naongeza metronidazoli, miligramu 500 mara mbili kwa siku 7. Ndiyo utaratibu wetu pasipo labo, na wengi wanapona. Ila namuangalia! Siwezi kumpa dawa kupitia dirisha. Nimeona kidonda cha herpesi kilichoitwa shampinyo miezi mitatu.

---

Furaha_Bagira
Jumanne, saa 1 asubuhi

Mie ilinipata hivyo na mwisho haikuwa shampinyo. Mwaka mzima naweka ovile. Uchafu ulikuwa mweupe siku nyingine, siku nyingine unavuta manjano, na kuwasha kulikuwa kule kule. Labo ya kwanza wakasema hakuna kitu. Labo ya pili wakaona trikomonasi. Nilimeza metronidazoli siku 7, bwana naye akatibiwa, kwisha. Yaya, kwa nini ya kwanza haikuona?

---

Yaya_wa_Labo
Jumanne, saa 8 mchana

Furaha, kwa sababu trikomonasi tunaitambua kwa mwendo wake. Kijiti kikikaa mezani nusu saa wakati mimi namaliza vipimo vya malaria, na asubuhi zetu za mwezi wa 7 zikiwa na baridi, kidudu kinasimama. Kikisimama, kinafanana na chembe nyeupe ya damu na naweza kukipita. Mimi kijiti kile naomba kiletwe mkononi, nakiangalia ndani ya dakika kumi. Hata hivyo mikroskopi inakosa wagonjwa wengi tu wa trikomonasi. Karatasi ikisema hakuna na dalili zipo, kipimo kinarudiwa. Kwa fangasi pia: kioo kinaweza kukosa kama nusu yao, ndiyo maana kuna kuotesha kwenye labo kubwa.

---

Papa_Bahati
Jumanne, saa 2 usiku

Samahani kuingia kwenye mazungumzo ya wamama. Mke wangu naye anawashwa. Nauliza kwa heshima: hiyo inaonyesha kwamba ametoka nje?

---

Yaya_wa_Labo
Jumanne, saa 2 na dakika 20 usiku

Papa, hapana. Fangasi hatumhesabu kwenye magonjwa ya zinaa. Anatoka kwenye mwili wake mwenyewe: antibiotiki, mimba, sukari iliyopanda, dawa za kotizoni. Hata msichana ambaye hajajua mwanaume anapata.

Trikomonasi yenyewe ni ya zinaa, lakini hata hiyo haisemi ni nani wala lini. Mwanaume anaweza kuibeba miezi bila dalili yoyote. Kwa hiyo karatasi ya labo usiifanye shahidi wa kesi nyumbani. Mpeleke mke wako apimwe, umlipie, na kama wataona trikomonasi mutibiwe wote siku moja.

---

Nabintu_wa_Kadutu
Jumapili, wiki mbili baadaye, saa 1 usiku

Nimeenda Alhamisi. Nilivumilia siku 8 bila ovile wala pomadi, na zile siku mbili za kwanza bila pomadi nililala nimeweka kitambaa cha maji baridi katikati ya miguu.

Niliomba prelevema ya ukeni, yule kijana akaniuliza kama nina ordonansi. Nikarudi kwa docta, akaniandikia, na kwa mara ya kwanza mtu akaniangalia. Alisema ngozi ya nje imepasuka vistari vidogo kama kwenye kona ya mdomo wakati wa baridi. Matokeo: pH 4, fangasi wenye nyuzi wengi, trikomonasi hakuna, wale bakteria wa harufu hakuna. Mkojo wameuotesha safari hii, hakikuota kitu. Sukari nimepima bila kula, 92. Ukimwi nimepima, sina. Mimba hakuna.

Docta amenipa flukonazoli ya 150, kidonge kimoja siku ya kwanza, kimoja siku ya nne, kimoja siku ya saba. Pomadi amenikataza kabisa, na sabuni.

---

Muuguzi_Walungu
Jumapili, saa 2 usiku

Vizuri sana mama. Lakini mimi ningemuuliza docta kuhusu kidonge cha kila wiki kwa miezi sita. Mwezi wa 2, wa 4, wa 6: mara tatu ndani ya mwaka, hiyo tayari ni fangasi ya kurudi. Na wenye fangasi ya kurudi, ukiishia siku ya saba, wengi wanarudi tena.

---

Yaya_wa_Labo
Jumapili, saa 3 usiku

Hapo sikubaliani moja kwa moja, ingawa hesabu yako ni sahihi. Zile mara mbili za kwanza zilifuata siprofloksasini, na ya tatu pengine ni ile ya pili haikwisha. Sababu inajulikana na imeondolewa. Mimi ningengoja nione kama anarudi bila antibiotiki. Miezi sita ya flukonazoli si peremende, inagongana na dawa nyingine nyingi na ini linatakiwa kuangaliwa. Lakini neno la mwisho ni la docta aliyemuona, na najua wapo wangeanza leo.

Nabintu, kuhusu ile tyubu. Betametazoni ni kotizoni, ni ndugu wa zile zinazotiwa kwenye mafuta ya kung'arisha ngozi. Inazima wekundu na muwasho, ndiyo zile siku mbili zako za raha, lakini inalaza kinga ya pale pale na kuifanya ngozi nyembamba. Klotrimazoli iliyo ndani yake inapigana na fangasi huku mwenzake anamfungulia mlango. Ukiiacha, ngozi inaweza kuwaka siku kadhaa, hiyo si fangasi kurudi.

Na kunawa: maji matupu, nje tu. Ndani panajisafisha. Chumvi, ndimu, sabuni ya dawa, vyote vinaondoa wale bakteria wazuri tunaojaribu kuwarudisha.

---

Mama_Mapacha
Jumapili, saa 3 na nusu usiku

Mimi niko usiku wa 5 wa klotrimazoli, nalala sasa. Ile ya siku 7 nitamaliza.

---

Nabintu_wa_Kadutu
Jumatano, wiki tatu baadaye, saa 3 usiku

Nimerudi kama nilivyoahidi. Uchafu wa mashanza umeisha tangu kidonge cha pili. Ndani sisikii kitu. Nakaa kwenye kiti changu sokoni mpaka saa 10.

Ila nje, upande wa kushoto, bado panawasha jioni, zaidi siku ambazo nimevaa nguo ya ndani nyeusi ya nailoni. Nilirudi labo, kioo hakina fangasi. Docta anasema ni ngozi. Nimekumbuka kitu ambacho sikuwaambia: nguo zangu za ndani naziloweka kwenye javeli usiku kucha, tangu mwezi wa 2, nikidhani naua mikrobi.

---

Yaya_wa_Labo
Jumatano, saa 3 na dakika 15 usiku

Ile javeli iache leo. Fua kwa sabuni ya kipande ya kawaida, suuza mara tatu, anika juani, vaa pamba. Paka mafuta ya vazelini kidogo nje usiku, ila ujue mafuta yanadhoofisha kondomu, kama mnatumia. Ukifika wiki nne na bado panawasha sehemu ile ile moja, au ngozi inakuwa nyeupe na ngumu, mwambie docta aangalie ngozi yenyewe, si ute. Na siku mtu akitaka kukupa antibiotiki tena kwa ajili ya mkojo, muombe kwanza auoteshe, na umwambie kilichotokea mwezi wa 2.

---

Dawa_Nyawera
Alhamisi, saa 4 asubuhi

Yaya, leo amekuja mama na hadithi ile ile, boksi ya tatu. Nilimuuliza ule moto unamuuma ndani ao nje. Alinyamaza kwanza, akasema nje, na akasema mwezi uliopita alimeza amoksisilini. Sikumuuzia. Nimemuandikia "prelevema ya ukeni" kwenye kikaratasi. Nisaidie: labo gani upande wa Ibanda inaangalia kioo mara moja, isiache kijiti mezani?